Tumbo Halifichwi kwa Upana: Maneno Yangu kwa Mafundi wa Langoni

Assalaam aleikum. Mama zangu mliotangulia, shikamooni. Dada zangu, karibuni. Na nyinyi wanangu mnaojifunza cherehani, sogeeni mbele, kwa sababu leo nimekuja na tepu na chaki, na ukikaa huko mlangoni hutaona kitu.

Niliombwa nizungumze juu ya nguo za wanawake wenye mwili mkubwa. Nikajibu kwamba mwili mkubwa si umbo. Wako wanawake wakubwa wenye kiuno, na wako wembamba wasio nacho. Kwa hiyo nitashika umbo moja tu, lile ambalo wateja wake hutoka dukani kwetu wakiwa hawajaridhika kuliko wote: umbo la epo. Huyu ni mwanamke ambaye upana wake uko katikati. Kifua kimejaa, tumbo limetangulia mbele, kiuno hakijitokezi, halafu nyonga zimeingia, makalio ni bapa, na miguu na mikono ni myembamba. Ukimpima, tumbo lake linalingana na nyonga au linazipita. Nasema epo, sisemi tofaa, kwa sababu hapa kwetu ukitaja tofaa mtu humjia lile tunda letu jekundu la mashambani, ambalo limepanuka upande wa chini. Mwanamke aliyepanuka chini ni umbo jingine, na nguo yake ni nyingine kabisa.

Nianze na nguo niliyoiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, bi mmoja wa Mkomani alikuwa anamwoza binti yake. Akaniletea satini ya rangi ya zabibu, nzuri, inayong'aa, akaniambia, "Mwanangu, nishonee gauni la siku ya kupamba, lakini nifiche hili tumbo." Mimi nikafikiri kama tunavyofikiri sote: tumbo kubwa, basi kitambaa kingi. Nikakata sehemu ya juu kwa kigezo changu cha kawaida, nikashona mshono chini ya kifua, kisha nikavuta uzi nikajaza marinda pale mbele, katikati kabisa, kitambaa mara tatu ya kipimo. Nikaona nimemsitiri.

Siku ile ya kupamba, wanawake wamevua mabuibui, taa zinawaka, vigelegele vimepamba moto, shoga yake mmoja kutoka Shela akamkumbatia na kumuuliza kwa furaha kabisa, "Hongera, ni mwezi wa ngapi?" Yule bi alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Alikaa chini, akajifunika leso mapajani mpaka shughuli ikaisha. Mimi nilikuwepo, niliona alivyoivuta ile leso. Kesho yake nilikwenda kwake kuomba radhi, nikaichukua nguo, nikaifumua nyumbani mshono mmoja mmoja ili nijue kosa liko wapi.

Nilikuta makosa matatu, na yote matatu nayaona hadi leo kwenye nguo zinazotoka madukani mwetu. Mshono ulikaa mahali pabaya. Upana uliwekwa mahali pabaya. Na kitambaa chenyewe hakikuwa cha kazi hiyo.

Tuanze na mshono. Ule mtindo wa mshono unaokaa chini ya kifua wenzetu huuita empaya, maana yake dola, na jina hilo limetoka Ufaransa. Napoleoni alijitawaza kuwa mfalme mkuu mwaka 1804, na mkewe Josefina na wanawake wa zama zake walivaa magauni ya melimeli, nyingi ikitoka Bara Hindi, yaliyobanwa chini ya kifua kisha yakaanguka moja kwa moja hadi chini. Mtindo wenyewe ulikuwa umeanza miaka michache kabla yake, ila jina lilibaki la dola ile. Nataja habari hii kwa sababu ya neno "kuanguka". Nguo ile haikutegemea kiuno hata kidogo. Ilishika mbavu, ikaachilia yaliyo chini yake.

Na hapo ndipo mwanamke wa umbo la epo ana neema yake. Wekeni kidole chini ya kifua chenu, pale sidiria inapopita. Hapo ni mbavu, na mbavu hazinenepi kama tumbo. Hata kwa mwanamke mzito, pale ndipo pembamba kuliko mahali pote pa kiwiliwili chake. Fundi akipaonyesha pale, jicho la mtazamaji linapata kiuno, hata kama kiuno chenyewe hakipo. Akipaficha kwa kitambaa kipana kinachoanzia mabegani, kama dera linavyoanguka, basi kitambaa kinaning'inia kutoka kwenye ncha ya kifua na mwili wote kuanzia hapo kushuka unakuwa na upana wa kifua. Dera ni nguo ya raha nyumbani na mimi mwenyewe nalivaa kila siku, lakini kwa umbo hili halifichi chochote. Linaongeza. Na akilifunga leso kiunoni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu amechora mstari wa kulala pale pale alipo mpana kuliko kote.

Sasa, chini ya kifua ni wapi hasa? Kigezo changu cha kawaida kilishuka inchi 13 kutoka bega karibu na shingo hadi kwenye mshono. Yule bi, nilipompima upya, tepu ikipita juu ya kifua na kuingia hadi kwenye mbavu, alihitaji inchi 16. Inchi tatu! Ndiyo maana mshono wangu ulikuwa umelala juu ya matiti badala ya chini yake. Mtajuaje kosa hili bila kufumua nguo? Mtazameni mwenye nguo kwa mbele. Mshono wake hauko sawa, umepinda kwenda juu katikati kama upinde, na juu yake kuna mikunjo midogo ya kulala. Mwambieni ainue mikono kama anayetaka kufunga mtandio. Akishusha, mshono unabaki juu na anaanza kuuvuta chini kwa vidole. Mwanamke anayevuta nguo yake chini ya kifua kila dakika amekatiwa juu kufupi.

Kwa hiyo pimeni hivi. Kwanza muulizeni atavaa sidiria gani siku hiyo, na avae hiyo hiyo mnapompima, kwa sababu sidiria nzuri hupandisha kifua inchi nzima na mshono wote unahama. Fungeni utepe mwembamba au mpira chini ya kifua, ukae kama unavyotaka kukaa wenyewe, mzunguko mzima. Kisha pimeni kutoka bega hadi kwenye utepe, mbele juu ya kifua, na nyuma vile vile. Kwa yule bi mbele ilikuwa 16 na nyuma 14 na nusu. Msishangae tofauti hiyo, ndiyo kifua chenyewe. Utepe usiutoe bado, una kazi nyingine.

Kutoka kwenye utepe huo huo pimeni urefu wa chini. Nyuma, kutoka kwenye utepe hadi pindo, alikuwa na inchi 39. Mbele, tepu ikipita juu ya tumbo kisha ikaning'inia, 40 na nusu. Inchi moja na nusu hiyo ndiyo inayoliwa na tumbo, na fundi asipompa, tumbo litaitafuta lenyewe: pindo la mbele litapanda, vifundo vya miguu vitaonekana mbele na nguo itaburura nyuma. Kwenye ngazi za nyumba zetu za mawe, kuburura nyuma si suala la sura tu, mtu ataanguka.

Na inchi hiyo na nusu msiiongeze chini kwenye pindo. Wengi hufanya hivyo, kisha nguo inaning'inia mbele kwa namna ya ajabu na mishono ya ubavuni inavutwa kwenda mbele. Iongezeni juu, pale kipande cha chini kinapokutana na mshono wa kifua. Katikati ya mbele pandisheni inchi moja na nusu, mkichora mkunjo mwepesi unaoisha kuwa sifuri mnapofika ubavuni. Mshono wa ubavuni ukisimama wima kutoka kwapa hadi sakafuni, mmepatia. Ukielekea mbele, mmempa kidogo. Hii alama ya mshono wa ubavuni ndiyo ninayoitazama kwanza mtu akiingia dukani kwangu, kabla hata hajaniambia shida yake.

Sasa upana, na hapa nawaomba mnivumilie kidogo kwa hesabu, ni ya mtu mmoja tu.

Yule bi chini ya kifua alikuwa 37, tumbo 46, nyonga 43. Chini ya kifua nikampa inchi mbili za kupumulia, ikawa 39. Tumboni nikampa tano, ikawa 51. Kwa hiyo kati ya mshono na kilele cha tumbo, umbali wa inchi saba tu, kitambaa kinapaswa kuongezeka inchi 12. Mara ya kwanza nilizijaza inchi hizo zote, na nyingine nyingi juu yake, katikati ya mbele kwa marinda. Marinda yakianzia katikati husimama mbele ya tumbo kama pazia lililofurushwa na upepo, na kila anayeona anafikiri kuna mtoto. Nguo za waja wazito hukatwa hivyo hivyo kwa makusudi, ili tumbo lipate pa kukua.

Mara ya pili nikakata chini vipande sita: vitatu mbele, vitatu nyuma. Kipande cha katikati ya mbele hakina rinda hata moja, kimelala bapa kuanzia juu hadi chini. Mishono miwili ya mbele inashuka kutoka chini ya ncha za matiti, mishono miwili ubavuni, miwili nyuma. Mishono sita ina kingo kumi na mbili. Kwa kuwa tumbo liko mbele, kila ukingo wa mbele nikaupanua inchi moja na robo, na kila ukingo wa nyuma robo tatu. Kingo sita za mbele zinatoa inchi saba na nusu, sita za nyuma nne na nusu, jumla yake ndiyo zile 12. Mshono wa juu mbele ulikuwa 20, ukafika tumboni 27 na nusu. Nyuma 19 ikafika 23 na nusu. Hakuna mahali pamoja palipobeba upana wote, na hakuna rinda la kumfanya mtu aulize mwezi wa ngapi.

Mkishapita kilele cha tumbo, msiendelee kupanua kwa kasi ile ile. Mkiendelea, pindo litapita inchi 100 na nguo itakuwa hema. Mimi kutoka tumboni hadi chini nilimwongezea kila ukingo inchi mbili tu, pindo likawa 75. Anapiga hatua vizuri, anapanda ngazi, na nyonga zake nyembamba na miguu yake mizuri vinahisika chini ya nguo, maana hivyo ndivyo alivyojaaliwa na hakuna sababu ya kuvizika.

Kama kuna anayeogopa vipande sita, anaweza kuvuta uzi, lakini avute pembeni: chini ya kila titi, upana wa inchi tatu hivi, na katikati aache inchi nne bapa bila rinda. Si nzuri kama vipande, ila inafaa kwa nguo ya kila siku.

Nimesema chini ya kifua ndipo pembamba. Sasa niwaambie ukweli kwamba si kwa kila mtu. Wako wanawake ambao tumbo lao limeanzia juu, linatoka papo hapo chini ya kifua. Mkimfunga ule utepe, hautulii, unateleza kupanda au kushuka. Mkipima, chini ya kifua na tumbo havipishani hata inchi nne. Huyo msimkatie mshono hapo. Utamkalia kama rafu iliyobeba kifua juu na tumbo chini. Mpeni gauni lisilo na mshono wa kulala, lianguke wepesi tangu kwapani, na juu yake joho au abaya iliyo wazi mbele, isiyofungwa, ishuke hadi chini. Kingo mbili zile za abaya zinachora mistari miwili mirefu ya wima, na kinachoonekana cha mwili ni kile kilicho kati yake tu. Hapa Lamu nguo hiyo tunayo tayari, haihitaji kubuniwa.

Nije kwenye shingo, na najua kuna mama hapa ameshaanza kujiandaa kunipinga. Nikisema shingo iwe wazi, sisemi mtu atoke barabarani kifua wazi.

Mwanamke mwenye kifua kikubwa akivaa shingo ya duara iliyofika kooni, kutoka kidevuni hadi tumboni ni uwanja mmoja wa kitambaa usio na kituo. Shingo inaonekana fupi, kifua kinaonekana kimeshuka. Shingo ya vii au shingo iliyokatwa kwa mraba mrefu inaukata uwanja ule, inavuta jicho kushuka na kupanda badala ya kwenda kushoto na kulia. Kina cha inchi tano hadi sita kutoka kwenye kishimo cha koo kinatosha. Yule bi nilimpa tano na nusu kwa sababu alikuwa anakwenda kwenye shughuli ya wanawake peke yao, na nje alikuwa na buibui lake.

Lakini kazi ya ile vii hufanywa na mstari, si na ngozi. Anayetaka kusitirika hata mbele ya wanawake wenziwe, mshoneeni ndani ya vii kipande cha kitambaa kile kile au lesi iliyotulia, kisha ukingo wa vii uchoreni kwa darizi au mkanda mwembamba wa rangi tofauti kidogo. Angalieni kanzu za waume zetu: darizi ya shingoni inashuka katikati ya kifua, na mwanamume mwenye kitambi aliyevaa kanzu nzuri anaonekana amesimama wima. Ni mstari ule ule. Mwambieni tu asiufunike kwa mtandio uliokusanywa wote shingoni. Mtandio nao ushuke, pande mbili, mbele.

Shida ya shingo ya vii kwa mwenye kifua ni kwamba inafunguka. Akiinama kumsalimia mtoto, ukingo unaachana na mwili. Sababu yake ni mbili. Ukingo wa vii umekatwa mshazari, na mshazari huvutika hata ukiuacha mezani tu. Halafu kifua kinasukuma kitambaa na kuacha pengo juu yake. Katika kufitisha, bana kwa vidole pale katikati ya ukingo, uone kinachozidi. Kwake ilikuwa nusu inchi kila upande. Nusu inchi hiyo niliikunja kwenye kigezo cha karatasi na kuihamishia chini, kwenye mshono wa kifua, ikageuka kuwa rinda dogo chini ya titi. Haikupotea, ilikwenda inakohitajika. Kisha, mara tu nilipokata kitambaa, kabla ya kukisogeza popote, nikashona kando ya ukingo ukanda mwembamba uliokatwa kufuata uzi ulionyooka, kila upande ukiwa mfupi kuliko ukingo kwa robo inchi. Ukanda huo ndio unaoushika ukingo kifuani. Bila huo, hata kipimo kizuri kitafunguka baada ya kufuliwa mara mbili.

Kwenye mikono sitakawia. Mikono ya mwanamke huyu ni myembamba, basi mikono ya gauni ikatwe robo tatu, karibu na mwili, isiishie kwenye usawa wa tumbo. Mkono mpana unaoishia pale unaongeza upana pale.

Nimebakiza kitambaa, na hapa ningependa tutue, kwa sababu ndicho kinachoharibu kazi iliyokatwa vizuri.

Satini yangu ya rangi ya zabibu ilikuwa na kosa moja lisilo na dawa: inang'aa. Kitambaa kinachong'aa hushika mwanga mahali palipotokeza, na kwa umbo hili palipotokeza ni tumbo. Chini ya zile taa za arusi, katikati ya tumbo palikuwa na doa jeupe la mwanga. Hakuna mkato wa kuliondoa doa hilo.

Tunachokitafuta ni kitambaa kinachopita juu ya tumbo bila kulishika na bila kusimama mbali nalo. Mimi nakijaribu hivi, na mnaweza kufanya dukani kwa mwenye vitambaa kabla hamjatoa pesa. Chukueni mtungi au sufuria kubwa ya duara, iwekeni juu ya meza, mkitupie kitambaa juu. Kitazameni kinapovuka pale sufuria inapotokeza kuliko kote. Kama kinaingia chini na kufuata umbo la sufuria, kama jezi nyembamba au kitambaa cha kuvutika, hicho kitaonyesha tumbo lote na mkunjo ulio chini yake. Kama kinasimama pembeni kama mwavuli, kama ile brokedi ngumu au tafeta, hicho kitamzidishia upana. Kama kinavuka kilele kisha kinashuka wima, kimetulia, na mikunjo laini michache, hicho ndicho. Krepu nzito isiyong'aa inafanya hivyo. Viskosi yenye uzito wa kati inafanya hivyo. Shifoni peke yake haifanyi, lakini ikiwekwa tabaka mbili zilizoshonwa pamoja juu tu, kwenye mshono wa kifua, na kuachiwa huru chini, inapendeza.

Halafu sisi wa Lamu tuna jaribio jingine ambalo mtungi hauna, nalo ni upepo wa kusi. Mwanamke anapita ufukoni, upepo unatoka baharini, na nguo nyepesi yote inagandamizwa tumboni kama imelowa. Ile nguo iliyokuwa inapita vizuri mbele ya kioo sasa inamchora. Dawa yake ni bitana iliyoning'inia huru kutoka kwenye mshono wa kifua, isiyoungwa chini na gauni, ili tabaka moja likishikwa la pili liteleze juu yake. Wakati wa kaskazi, joto likiwa kali, bitana ya poliesta itashika jasho na kugandia ngozi, kwa hiyo mimi natumia viskosi nyepesi au bafta laini. Na pindo nalifanya pana, inchi mbili, uzito wake uivute nguo chini.

Kuna swali nililoulizwa mlangoni nilipokuwa naingia, juu ya leso, na ni swali zuri. Doti ya leso inaweza kushonwa mtindo huu? Inaweza, lakini leso haipiti, inasimama, hasa mpya yenye wanga. Ifueni mara mbili, ilainike na ijikaze kabla ya kukatwa. Kisha tazameni mji wake kabla ya chaki kugusa kitambaa. Leso nyingi zina pambo kubwa katikati ya mji. Mkiikata bila kufikiri, lile pambo litatua tumboni sawasawa, na mmeweka alama pale ambapo mteja alikuomba usiweke. Lipelekeni chini ya magoti au nyuma. Na pindo la leso, lile la mpaka, watu hupenda kulizungusha chini kwenye nguo. Kwa umbo hili mimi nalisimamisha wima katikati ya mbele, kutoka mshono wa kifua hadi chini, juu ya kile kipande bapa nilichowaambia. Leso moja ina mapindo ya kutosha kwa kazi hiyo.

Nimalizie habari ya yule bi. Gauni la pili nililishona kwa krepu ya kijani kibichi iliyokolea, mita nne, kwa gharama yangu. Alikuja kufitisha mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia akae, kwa sababu tumbo la aliyesimama na tumbo la aliyekaa si kipimo kimoja: ukikaa, tumbo huja mbele na juu. Alikaa kwenye baraza, mshono ukapanda kidogo ubavuni, nikajua nimembana nyuma. Nikaachia nusu inchi kwenye kila mshono wa nyuma, akakaa tena, ukatulia. Nikamwambia ainue mikono, ukapanda na kurudi wenyewe bila yeye kuugusa.

Pindo sikulishona siku hiyo. Vipande vilivyopanuliwa vina kingo zilizoelekea mshazari, na mshazari hunyooka kwa uzito wake. Nililitundika gauni ukutani kutwa kucha. Asubuhi yake, kweli, sehemu za karibu na mishono zilikuwa zimeshuka karibu robo inchi. Akaja kwa mara ya pili, akavaa viatu vya siku hiyo, akasimama juu ya meza ya kukatia, na mimi nikamzunguka kwa magoti na rula na chaki, nikipima kutoka mezani kwenda juu. Nikakata kilichozidi, nikakunja, nikapiga pasi. Nilipopima tena, mbele lilikuwa inchi moja kutoka mezani, ubavuni inchi moja, na nyuma inchi moja.